Usimpe Fundi Namba, Mpelekee Kiatu

Niseme msimamo wangu mapema, mtanipinga mkishamaliza kusoma: wengi wetu hatujui urefu wa longi zetu. Tunajua namba tu. Msee anaingia kwa fundi, anasema "niwekee thelathini na mbili," vile mtu anaagiza soda. Fundi anaweka thelathini na mbili. Jumapili ikifika, longi inaishia juu ya soksi, ama inajikusanya juu ya kiatu kama pazia refu, na lawama zote zinamwendea fundi.

Mimi nimekuwa huyo msee. Na longi yenyewe haikuwa ya kuchezea, kwa sababu ilikuwa ya marehemu buda.

Stori ni hii. Brathe wangu mkubwa alikuwa anaoa Desemba, nyumbani Embu, na akaniomba nimsimamie. Pesa ya suti mpya haikuwepo, na mimi nilikuwa nimezoea kuvaa mitumba ya Gakoromone hapa Meru, longi za kaki na jinzi, mambo ya suti sikuyajua. Mathe akafungua sanduku akatoa suti ya kijivu ambayo buda alikuwa anavaa kanisani. Kitambaa cha sufu, kizito kidogo, kile ambacho ukikifinya mkononi kinarudi chenyewe bila makunyanzi. Koti lilinikaa. Kiuno cha longi kilikubali. Shida ilikuwa urefu tu, maana nilishampita buda kimo, naye hakuwahi kuona.

Longi ilikuwa na mapindo ya nje, yale ya wazee, kitambaa kimekunjwa kuja juu kwa nje kama inchi moja na nusu. Mathe akaniambia, "Hapo ndani kuna kitambaa cha kutosha. Mpelekee fundi ateremshe." Akasema sentensi nyingine moja, polepole: "Lakini asikate ovyo, hakuna nyingine."

Nikaibeba hadi Meru. Usiku nikafanya kitu ambacho nilidhani ni akili. Nilichukua jinzi yangu ninayoipenda, ile ambayo kila mtu huniambia imenikaa fiti, nikaiweka kitandani, nikapima mshono wa ndani wa mguu, kuanzia pale miguu miwili inapokutana kwenye msamba hadi chini. Inchi 31. Kesho yake nikampelekea fundi longi ya buda na namba yangu. Sikuvaa longi. Sikubeba viatu. Hata ukanda sikuwa nao, nilikuwa na slipas.

Fundi akafumua yale mapindo. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu limeshikana kama uzi, udongo wa kwetu, na mbegu mbili za nyasi. Alikung'uta kwa meza bila kufikiria. Nilitaka kumwambia angoje, lakini ungoje nini? Akapima, akachora chaki, akapunguza ukingo wa chini uliokuwa umechakaa, akakunja ndani, akashona. Kazi safi. Inchi 31 kamili, miguu yote miwili. Nikalipa, nikashukuru, nikaifunga kwa nailoni bila kuijaribu.

Alhamisi ya wiki ya harusi nikapanda matatu, tukapita Nkubu, Chuka, Runyenjes, jioni nikawa Embu. Nikavaa kila kitu ili mathe aone. Shati ndani, ukanda, viatu vyeusi vya ngozi. Brathe akanitazama miguuni akacheka hadi akakaa chini. Longi ilikuwa inaning'inia juu ya kiatu bila kukigusa, na nikipiga hatua moja soksi nzima inaonekana. Mathe hakucheka. Alisema tu, "Baba yenu hakuwahi kuvaa fupi." Akarudi jikoni.

Sasa swali ambalo lilinisumbua usiku huo: jinzi ni 31 na inanitosha. Longi ni 31 na ni fupi. Mguu ni uleule. Kosa liko wapi?

Jibu nililipata asubuhi kwa fundi mzee mmoja karibu na soko la Embu, na tangu siku hiyo siwezi kuiangalia longi ya mtu bila kuanza kwa kiuno.

Jinzi naivaa chini, kwenye nyonga. Longi ya suti, hasa ya zamani kama ya buda, imekatwa ikae juu, karibu na kitovu. Mzee alinionyesha kwa mikono. Ukiteremsha longi kiunoni kwa inchi moja, msamba unateremka inchi moja, na ncha ya chini nayo inateremka inchi moja. Ukiipandisha, kila kitu kinapanda pamoja. Kwa hiyo mshono wa ndani wa inchi 31 kwenye jinzi unaanza kuhesabiwa chini zaidi mwilini kuliko 31 ya suti. Namba ni ileile, lakini inaanzia pengine. Tofauti kati ya pale navaa jinzi na pale longi ya buda inakaa ni zaidi ya inchi moja, na hiyo ndiyo inchi iliyokosekana juu ya kiatu changu.

Ndiyo maana msee akivuta longi chini kwa sababu ukanda umelegea, anaikanyaga kwa kisigino, na akiipandisha vizuri anaonekana kama imeruka. Urefu hauwezi kupimwa kabla ya kuamua kiuno kitakaa wapi.

Sababu ya pili ilikuwa upana wa mguu. Hii watu wengi hawaijui kabisa. Ukiilaza jinzi yangu mezani na kupima mdomo wa chini kutoka upande mmoja hadi mwingine, ni inchi 7. Ya buda ni inchi 9. Fikiria umbo la mguu ndani ya kiatu. Kisigino kiko nyuma, na mbele kuna ule mlima wa mguu pale kamba za viatu zinapofungwa. Mdomo mwembamba wa inchi 7 ukishuka unafika kwenye ule mlima unakwama. Hauwezi kupita. Ukiongeza kitambaa hapo, hakiendi popote, kinajikunjakunja juu ya kifundo cha mguu kama kodiani. Hicho ndicho unaona kwa vijana wengi wenye skini ndefu, na ndicho kinafanya mtu aonekane mfupi. Mdomo mpana wa inchi 9 unapita juu ya mlima na kufunika sehemu ya kiatu, kwa hiyo unaweza kushuka zaidi bila fujo. Tena unapaswa kushuka zaidi, maana longi pana ikiwa fupi inapepea kama kengele.

Kwa hiyo hata kama kiuno kingekuwa sawa, namba ya jinzi nyembamba haikufaa kuwa namba ya longi pana.

Sasa tuje kwenye kile kitu chenyewe tunachopima. Simama wima ukiwa na viatu, mtu akuangalie kwa pembeni. Longi ikigusa kiatu mbele, kitambaa kinavunjika kidogo juu ya kamba, kinatengeneza mkunjo. Watu wa suti wanauita breki. Mimi nitauita mkunjo, maana breki tunaiachia matatu. Kama longi inaishia pale pale kiatu kinapoanza bila kukilalia, hakuna mkunjo, na mstari wa pasi unashuka umenyooka kutoka gotini hadi chini. Kama inalalia kiatu kidogo tu, unapata mkunjo mmoja mdogo, kama kidimbwi kifupi mbele. Kama ni ndefu zaidi, unapata mkunjo mzima unaozunguka hadi kando, na nyuma kitambaa kinashuka kufunika sehemu ya kisigino. Ikizidi hapo, huo si mtindo tena. Ni longi ambayo haijapunguzwa.

Kati ya kukosa mkunjo na kuwa na mkunjo mzima, tofauti ni kama inchi moja hivi. Inchi moja tu. Ndiyo maana kukisia kwa macho hakufanyi kazi, na ndiyo maana fundi akikosea nusu inchi unaona mtindo umebadilika.

Sasa nisikilizeni wale mnasema longi lazima iwe fupi ndiyo iwe ya kisasa. Sina shida na fupi. Wasapee wa Kongo, kina Papa Wemba na waliomfuata, walifanya mavazi kuwa jambo la heshima, na utaona picha zao wengi wameinua longi makusudi ili kiatu na soksi vionekane. Lakini angalia vizuri: soksi imechaguliwa, kiatu kimechaguliwa, longi imepunguzwa sawasawa pande zote. Yangu ilikuwa fupi kwa bahati mbaya, na bahati mbaya inajulikana. Unaijua kwa sababu mtu anavuta longi chini kila akisimama.

Turudi Embu. Ijumaa asubuhi nilifika kwa mzee nikiwa na raba miguuni na viatu vya harusi ndani ya mfuko. Nikamwonyesha longi, nikamweleza.

"Viatu viko wapi?"

"Niko navyo kwa mfuko, mzee."

"Kijana, harusi utaenda na mfuko ama na viatu? Vaa."

Nikavaa kila kitu. Akaniambia niingize shati ndani, nifunge ukanda pale nitaufunga kesho, niweke simu kwa mfuko kama kawaida. Nilidhani ananichezea. Lakini shati lililoingizwa linaongeza unene kiunoni na kushika longi, ukanda unaamua kimo chake, na simu inavuta upande mmoja chini. Anataka mwili wa kesho leo.

Halafu akanisimamisha kwa sakafu ya simiti iliyo sawa, miguu miwili imebeba uzito sawa, akaniambia nitazame mlango. Kila mara nilipoangalia chini kuona anafanya nini, alinigonga goti na rula. Nilipomuuliza kwa nini, akasema nijaribu mwenyewe. Ni kweli. Ukiinama kutazama viatu vyako, longi nyuma inavutwa juu na makalio, mbele inalegea na kujazana. Unaona mkunjo mkubwa ambao haupo ukisimama wima. Utasema "punguza," na ukisimama kanisani imekuwa fupi. Ndiyo maana mtu hawezi kujipimia mwenyewe mbele ya kioo. Kama uko peke yako, weka simu chini sakafuni hatua tatu kando yako, piga video, halafu utazame ukishasimama ukitazama mbele. Hiyo ni njia yangu, mzee hakuwa na haja nayo.

Alianza nyuma, si mbele. Alitaka ncha ya longi nyuma ifike pale ngozi ya kiatu inapokutana na kisigino chenyewe, ile sehemu ngumu ya chini. Kisigino cha viatu vyangu kilikuwa na kimo cha inchi moja, kwa hiyo nyuma longi ilipaswa kuwa inchi moja kutoka sakafuni. Akasimamisha rula sakafuni, akaweka alama ya chaki. Kisha akafanya hivyo kwa mguu wa pili kivyake, bila kunakili wa kwanza. Nilidhani ni kupoteza wakati hadi akanionyesha: mguu wangu wa kushoto ulihitaji kama nusu sentimita zaidi. Akasema watu wengi wako hivyo, nyonga moja iko juu kidogo, na fundi akipima mguu mmoja tu na kukata yote miwili sawa, mmoja utavunjika juu ya kiatu na mwingine utaning'inia.

Mbele akaweka alama juu zaidi ya nyuma. Sababu ni ule mlima wa mguu. Longi ikikatwa sawa kabisa kama kopo, mbele inafika juu ya kiatu mapema na kujikunja, na nyuma bado kuna nafasi. Ukiinua mbele kidogo na kushusha nyuma, unapata vyote viwili: mkunjo mdogo mbele na kisigino kilichofunikwa nyuma. Kawaida yeye hupenda tofauti ya nusu inchi. Na hapa ndipo hesabu ilipoanza kuuma.

Alifumua pindo la fundi wa Meru, akapima kitambaa chote kilichobaki. Twende naye polepole. Longi ya buda ilikuwa imeishia inchi 29, na ndani ya mapindo kulikuwa na inchi 4 zaidi: moja na nusu iliyokunjwa nje, na mbili na nusu iliyorudi ndani. Jumla 33. Fundi wa Meru alipunguza ukingo uliochakaa kwa nusu inchi, zikabaki 32 na nusu. Alikunja kwenye 31, kwa hiyo pindo la ndani lilikuwa inchi moja na nusu. Hakukosea kitu. Alipewa 31 akatoa 31.

Alama mpya za mzee zilikuwa inchi 32 na robo nyuma, na angependa mbele 31 na robo tatu. Toa 32 na robo kutoka 32 na nusu. Inabaki robo inchi ya kukunja. Pindo zuri la longi ya suti linataka angalau inchi moja na nusu ndani, kwa sababu uzito wa kile kitambaa ndio unaovuta mguu wote chini na kunyoosha mstari wa pasi. Robo inchi haishikiki hata na sindano.

Nilimuuliza kama basi amalize na ukingo tu, ashone ovaloki pale chini. Akakataa. Akasema longi ya sufu isiyo na uzito chini itapinduka na kuonyesha ndani kila nikitembea.

Alichofanya ni kuongeza kitambaa ndani. Alitafuta kipande cha kijivu cha pamba, chepesi kuliko ile sufu. Akasema kikiwa kizito kitachora mstari unaoonekana kwa nje. Mdomo ulikuwa inchi 9 ukiwa umelazwa, yaani 18 kuzunguka, kwa hiyo kila mguu ulipewa ukanda wa inchi 19, nusu ya kila upande ikiwa ya kuunganisha, na upana wa inchi 2 na robo. Akaunganisha ukanda kuwa duara, akauweka uso kwa uso na ncha ya longi, akashona kwa cherehani robo inchi kutoka ukingoni. Ile robo inchi tuliyobaki nayo ikaishia hapo hapo, hakuna iliyosalia. Akapiga pasi, akageuza ukanda kwenda ndani, na kuuvuta kidogo zaidi ili mshono wenyewe ujifiche ndani, usikae kwenye ncha kabisa. Mwisho akashona juu kwa mkono, nyuzi zilizolegea, akiokota uzi mmoja tu wa sufu kila mara. Nje huoni kitu.

Kuhusu ule mteremko wa nusu inchi, aliniambia ukweli. Ukanda wa kunyooka haukubali kufuata ncha iliyopinda sana, unajivuta na kufanya mbele kuwe na makunyanzi. Akaridhika na robo inchi: mbele 32, nyuma 32 na robo. Mkunjo wa mbele ulikuwa mkubwa kidogo kuliko alivyotaka. Mimi sikuona tofauti. Yeye aliiona, na akaitaja mara mbili.

Kitu ambacho hakikuisha ni alama ya zamani. Pale 31 fundi wa Meru alipopiga pasi palikuwa na mstari, na pale 29, ncha ambayo buda alitembea nayo miaka yote, palikuwa na mwingine, umefifia rangi kabisa. Mzee alijaribu kwanza upande wa ndani, kisha akachanganya siki nyeupe na maji, akalowesha kitambaa cheupe, akakiweka juu ya mstari na kukandamiza pasi bila kusugua. Mstari wa 31 uliondoka. Wa 29 ulipungua lakini haukuisha, kwa sababu siki inalegeza mkunjo tu, hairudishi rangi iliyochakaa. Hiyo ni kitu ya kujua kabla hujamwambia fundi ateremshe longi nzee: shika ncha kwa mwanga wa jua uone kama uzi umekatika au umepauka. Ukiona hivyo, mstari utabaki, na ni wewe uamue kama unaweza kuishi nao.

Kabla sijavua akaniambia nitembee hadi mlangoni, nikae kwa kiti, nipande ngazi mbili, nirudi nisimame. Kukaa kunainua longi na soksi itaonekana kidogo, hiyo ni sawa, hakuna longi ambayo haipandi. Anachoangalia ni kama ukisimama inarudi mahali pake yenyewe bila kuivuta. Kama inabaki imekwama juu ya ndama, mguu ni mwembamba mno, na hapo urefu hauwezi kukusaidia. Pia alitazama kama kisigino kinakanyaga ncha ya nyuma nikirudi kinyumenyume. Ukikanyaga leo mara moja, baada ya mwezi ncha itakuwa imechanika.

Nilimuuliza kama sasa naweza kuandika namba hii mahali, inchi 32 na robo, niwe naitumia. Akauliza, "Na viatu vingine?" Raba zangu zina soli nene lakini hazina kisigino kilichoinuka, na mbele ni nene kuliko kiatu cha ngozi. Longi hii ikivaliwa na raba itajazana mbele. Kwa hiyo longi ya suti inapimwa na kiatu chake, na ukibadilisha kimo cha kisigino umebadilisha urefu. Kwa kaki na jinzi kuna jambo lingine tena: pamba hupungua ikifuliwa, na hupungua zaidi kwa urefu. Ifue mara moja au mbili, ikauke, ndipo uipeleke. Sufu ya buda ilishafanya mambo yake yote miaka mingi iliyopita.

Jumamosi nilivaa. Mathe alinitazama kuanzia chini kwenda juu, akapiga goti moja akaondoa uzi uliobaki karibu na kiatu. Akaona ule mstari uliofifia, kama inchi tatu juu ya ncha. Akaupitisha kidole.

"Hapa ndipo yake iliishia," akasema.

Nikamwambia fundi alijaribu kuutoa. Akasema hakuna haja.

Kwa picha za harusi mstari hauonekani. Kinachoonekana ni longi iliyonyooka kutoka gotini, mkunjo mmoja mdogo juu ya kamba, na kisigino kinachochungulia nyuma. Brathe yake, aliyenicheka, imejikusanya juu ya kiatu mikunjo mitatu kila mguu. Suti mpya ya dukani, hakuna aliyemwambia apeleke viatu. Sijamwambia bado. Atasoma hapa.